Tangazo la taratibu za mazishi: kila unachokiondoa, taja kimehamia wapi

*Shikamoo Mchungaji. Mimi ni katibu wa baraza la wazee katika usharika mmoja wa KKKT huku Machame. Baraza limepitisha taratibu mpya za mazishi: saa za ibada, michango, idadi ya watoa salamu na matumizi ya ukumbi wa usharika. Nikaandika tangazo la ukurasa mmoja, likasomwa Jumapili, na kabla watu hawajafika getini maneno yakaanza: kanisa linauza misiba, kanisa linafunga watu midomo. Mchungaji wetu ameniambia niliandike upya. Tangazo la namna hii linaandikwaje?*

Marahaba, Katibu, na pole kwa maneno ya getini. Nimelisoma tangazo ulilonitumia. Kanuni zenyewe ni nzuri, na kama mngeniuliza kabla ya kuzipitisha ningebadilisha mambo machache tu. Shida iko kwenye uandishi. Vipengele vyote vinne vinaanza na "ni marufuku" au "hairuhusiwi", na hakuna hata kimoja kinachosema jambo lililokatazwa litafanyika wapi badala yake. Mtu aliyekaa benchi akiwa na mama mgonjwa nyumbani anasikia kwamba siku ikifika, rafiki wa mama yake hatasema neno, rambirambi hazitapokelewa, na ukumbi utalipiwa. Hasikii kwamba rafiki huyo atasema nyumbani kabla mwili haujatoka, wala kwamba rambirambi zitaandikwa kwenye daftari la familia ambalo kanisa haliligusi. Pale ulipoacha wazi anajaza mwenyewe, na mwenye hofu ya msiba hujaza mabaya.

Kwa hiyo andika upya kwa sharti moja: kila kitu unachokiondoa mahali pake, sema kimehamia wapi, na nani anakisimamia siku hiyo. Nitakupitisha kipengele kwa kipengele, na kila kimoja nitakuandikia maneno unayoweza kuyatumia.

Anza na mamlaka. Tangazo lako linasema "uongozi umeamua". Uongozi upi? Andika kwamba ni baraza la wazee, taja tarehe ya kikao, na mchungaji atie saini pamoja nawe. Kabla halijasomwa tena, nakala imfikie mkuu wa jimbo. Kila dayosisi ya KKKT ina katiba yake, na yapo mambo ya mazishi ambayo baraza la usharika halina uwezo wa kuyabadilisha, hasa swali la nani anazikwa kwa ibada ya kanisa. Tena msiba wa kwanza wa mtu mwenye nafasi ukitokea, kuna ndugu atapiga simu ofisi ya jimbo kulalamika. Mkuu wa jimbo akisikia kanuni zenu kwa mara ya kwanza kutoka kwa mlalamikaji, atalazimika kuzisimamisha mpaka azisome, na mkishazisimamisha kwa mmoja hamtaweza kuzirudisha kwa mwingine.

Hapo hapo juu, kabla ya saa na kabla ya fedha, weka sentensi ambayo haikuwamo kabisa kwenye tangazo lako. Watu wa sharika zetu wamezoea kusikia kwamba asiyemaliza ahadi au asiyerudisha bahasha hazikwi na kanisa. Iwe ni kweli kwenu au si kweli, ndilo jambo la kwanza wanalolitafuta katika tangazo lolote lenye neno "mazishi". Usipolisema, kila kanuni itakayofuata itasomwa kama namna ya kudai madeni. Uliniambia kwenye barua kwamba baraza lenu halijawahi kumnyima mtu ibada kwa ajili ya ahadi. Basi liandike:

> "Baraza la wazee, katika kikao chake kilichoongozwa na mchungaji, limekubaliana utaratibu ufuatao wa mazishi kwa washirika wote, tajiri na maskini, kiongozi na asiye kiongozi. Deni la ahadi, bahasha au jengo halimzuii mshirika yeyote kuzikwa kwa ibada ya kanisa, na halitatajwa msibani. Familia ikipata msiba, imjulishe mzee wa jumuiya yake siku hiyo hiyo, saa yoyote."

Sasa muda. Umeandika "mazishi yamalizike mapema". Mapema kwa mfiwa wa Dar es Salaam ambaye gari lake bado liko Korogwe si mapema ya mzee wa kanisa anayesubiri tangu asubuhi. Weka saa, na zipange kwa kurudi nyuma kutoka kaburini, maana huko ndiko kwenye ukomo usiosogea.

Chukua msiba wa kawaida wa kwenu, siku ya Jumamosi. Mwili uko mochwari ya KCMC, familia inaishi Machame na kaburi limechimbwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Desturi hii ya kuzika kihambani ndiyo inayokula muda, kwa kuwa mwili hutoka mochwari ukaenda nyumbani, ukatoka nyumbani ukaenda kanisani, kisha ukarudi nyumbani tena. Safari ni tatu ambapo penye makaburi ya usharika zingekuwa mbili. Jua kwenu huzama kama saa 12:30 jioni. Mnataka watu wamalize kaburini ifikapo saa 10:30, ili wanaosafiri waondoke kukiwa na mwanga na wanaobaki wale bila kubabaika. Ibada ya kaburini, kufukia na kuweka mashada huchukua kama saa nzima, kwa hiyo mwili ufike kihambani saa 9:30. Kutoka kanisani kwa mwendo wa msafara ni nusu saa, basi mwondoke kanisani saa 9:00. Ibada ya saa moja na nusu inaanza saa 7:30 mchana. Ili ianze saa hiyo, mwili utoke nyumbani saa 6:45. Nyumbani kuna wasifu, salamu na kuaga, tuseme saa moja na robo, ambazo zinaanza saa 5:30. Mwili ufike nyumbani saa 5:00, na ili ufike saa hiyo uwe umetoka mochwari saa 4:00 asubuhi. Wanaokwenda kuuvisha na kuuchukua wafike mochwari saa 3:00 wakiwa na karatasi zote.

Ukiuona mpango huu kwa ukamilifu, utaona kwamba ibada ya kanisani haina nafasi ya kusogea. Nafasi iko nyumbani, katika ile saa moja na robo, na huko ndiko muda hupotea. Fanya hesabu ya kuaga peke yake. Waombolezaji 400 wakipita mbele ya jeneza kwa mstari mmoja, kila mtu akichukua sekunde tano, ni zaidi ya nusu saa. Wakipita kwa mistari miwili, kulia na kushoto, zinatosha dakika 17 hivi. Wazee wawili wa kupanga mistari wanaokoa muda mwingi kuliko kukata ubeti wa wimbo, na hakuna mfiwa atakayekasirika kwa hilo.

Jambo la pili linalochelewesha mazishi hutokea siku tatu nyuma. Familia hukaa, mara nyingi kwa simu na ndugu walioko Dar, Arusha na nje ya nchi, wakapanga siku na saa, wakachapa ratiba, wakaisambaza, ndipo wakamjulisha mchungaji. Siku hiyo mchungaji ana mazishi mengine mtaa wa pili, au ana ndoa. Kuanzia hapo kila mtu anabishana na karatasi iliyokwisha chapwa. Kwa hiyo kanuni yenu yenye nguvu kuliko zote iwe hii: ratiba haitangazwi kabla mchungaji hajathibitisha saa ya ibada. Na kwa kuwa mchungaji hawezi kuwa mahali pawili, tangazo liseme wazi kwamba mwinjilisti anaweza kutumwa, ili familia isione imedharauliwa ikimwona yeye.

Karatasi nazo zitajwe. Usharika usizike mtu bila kibali cha mazishi, na familia ikumbushwe kwamba kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Wengi hulikumbuka jambo hilo miezi mingi baadaye, wakati benki au mfuko wa pensheni unapodai cheti cha kifo. Andika hivi:

> "Siku na saa ya mazishi zitapangwa na familia pamoja na mchungaji, kabla ya kutangazwa au kuchapwa. Ibada ya mazishi kanisani itaanza saa 7:30 mchana, na mwili utoke nyumbani si zaidi ya saa 6:45. Ibada itaongozwa na mchungaji au mwinjilisti aliyetumwa naye. Jumapili hatuziki, isipokuwa pale daktari au serikali inapoelekeza mwili usikae. Mwili ukichelewa kufika, kitakachofupishwa ni salamu za nyumbani. Ibada itabaki kamili. Mzee wa zamu ndiye atakayeamua hilo pamoja na msemaji wa familia. Familia imwonyeshe mzee wa zamu kibali cha mazishi jioni moja kabla."

Sentensi ya "mwili ukichelewa" usiifute hata wakikuambia tangazo ni refu. Kanuni yoyote ya muda huvunjika siku ya kuchelewa, na kama haikusema nini kinapungua na nani anaamua, uamuzi utaangukia kwa mwenye sauti kubwa kuliko wote pale uwanjani. Mzee wa zamu atajwe kwa cheo, na mtaa ujue wiki hii ni nani.

Tuje kwenye salamu, ambako mmelaumiwa zaidi. Tangazo lako linasema "hotuba zimepunguzwa hadi tatu". Ndugu zangu wa baraza, wenye msiba hawahesabu hotuba, wanahesabu watu. Wanajiuliza: mwajiri atasema? Kikundi cha akina mama alichokuwa mhazini wake? Shemeji? Mwenyekiti wa kijiji? Ukitoa namba bila majina, kila upande unajiona ndio uliokatwa.

Nimekaa kwenye misiba ambako mwongoza ratiba aliita watoa salamu kumi, kila mmoja kwa "dakika tano tu". Tano mara kumi ni 50, lakini kila mtu anatembea kutoka kitini, anatafuta maiki, anasalimia meza kuu kwa itifaki, anasema hana mengi, ndipo anaanza. Saa moja na nusu imekwisha, jua limegeuka, na mjane amekaa pale pale tangu asubuhi bila kunywa maji. Hao kumi wengi wao hurudia jambo moja: marehemu alikuwa mtu wa watu, tumempoteza. Yale yenye thamani ya kweli kwa wafiwa, kama vile mfanyakazi mwenzake kueleza alivyomtetea siku fulani kazini, yangefaa zaidi kuandikwa au kusemwa jioni watoto wakiwa wametulia na wanasikiliza.

Kwa hiyo gawanya. Nyumbani, kabla ya kuaga, asome mmoja wasifu, kisha watoe salamu watatu: mmoja wa ukoo, mmoja wa kazini au kikundi, mmoja wa serikali ya kijiji. Kanisani asiseme mtu mwingine isipokuwa salamu fupi za usharika. Kaburini litolewe neno la shukrani la familia tu, pamoja na lile tangazo letu la siku zote kwamba aliyemdai marehemu, au aliyedaiwa naye, aonane na familia. Wengine wote wana mahali pawili: kitabu cha rambirambi kinachowekwa mezani tangu siku ya kwanza ya msiba, na jioni baada ya mazishi, watu wakishakula, ambapo yeyote anayetaka kumsimulia marehemu anakaribishwa bila kuangalia saa.

Wanasiasa wapewe sentensi yao wenyewe, bila kutaja chama. Mbunge au diwani akifika ni mwombolezaji kama wengine na apewe heshima yake, ila salamu za serikali ni moja. Wakifika viongozi wanne, wakubaliane wao nani atasema. Msipoandika hili, siku likitokea mzee wa zamu atalazimika kumkatalia mtu mkubwa kwa mdomo mbele ya watu, na hakuna mzee atakayefanya hivyo mara mbili. Likiwa limeandikwa, anaonyesha karatasi.

Wasifu unahitaji uangalifu kuliko salamu zote. Ugomvi mbaya wa misibani huanzia kwenye wasifu: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakutajwa, mke wa kwanza ameachwa, mwaka wa ndoa umewekwa uongo. Mtu anasimama akiwa analia, anapinga mbele ya jeneza. Baraza lisijifanye hakimu wa mambo hayo na lisihariri wasifu. Linachoweza kufanya ni kutaka uwe umesomwa na kutiwa saini na wasemaji wawili wa familia, wa upande wa kuumeni na wa upande wa kukeni, na uwe umefika kwa mzee wa zamu jioni moja kabla. Ugomvi ukiwapo, utatokea usiku ule sebuleni, mahali ambapo bado unaweza kutatuliwa. Ukurasa mmoja uliochapwa husomeka kwa dakika tano bila kukimbia. Huo uwe ndio ukomo.

> "Nyumbani, kabla ya kuaga: wasifu wa ukurasa mmoja, uliotiwa saini na wasemaji wawili wa familia, kisha salamu tatu, yaani ya ukoo, ya kazini au kikundi, na ya serikali, kila moja dakika tatu. Familia itachagua watoa salamu hao. Wageni viongozi wakiwa zaidi ya mmoja, atasema mmoja kwa niaba yao. Kanisani kutakuwa na salamu za usharika peke yake. Salamu nyingine zote zitaandikwa kwenye kitabu cha rambirambi ambacho familia itabaki nacho, au zitatolewa jioni baada ya mazishi, bila kikomo cha muda."

"Familia itachagua" ni maneno mawili tu, lakini ndiyo yanayojibu lawama ya kufunga watu midomo. Baraza limeweka idadi, sura za watakaosema zimebaki mikononi mwa wafiwa.

Sasa fedha. Tangazo lako linasema "michango yote ipitie kwa mhazini wa usharika". Hapa, Katibu, naomba mrudi kwenye baraza mkaibadilishe kanuni yenyewe, maana maneno pekee hayataiokoa. Naelewa nia yenu: kuna msiba ambapo fedha zilipotea na kamati ikalaumiana. Lakini fedha zikishaingia kwa mhazini zimekuwa fedha za usharika. Zinapelekwa benki, na kuzitoa kunahitaji hati ya malipo na saini za waidhinishaji. Familia inahitaji kulipa jeneza na gari kesho asubuhi, na mwidhinishaji mmoja yuko shambani Rombo. Fedha zitachelewa siku nne, na siku hizo nne zinatosha kijiji kizima kuamini kwamba zimeliwa.

Kwenye msiba mmoja kuna fedha za aina nne, na tangazo zuri huzitenganisha. Ya kwanza ni michango ya kamati ya mazishi, inayokusanywa kabla ili kulipia jeneza, usafiri, maturubai na chakula. Ya pili ni mchango wa jumuiya, ambao kila kaya inatoa kwa kiwango kimoja pamoja na ndizi, maharage au kuni. Ya tatu ni rambirambi, mkono wa pole ambao mtu anampa mfiwa. Ya nne ni sadaka ya ibada. Watu wanaposema kanisa linauza msiba, mara nyingi wameona kapu moja likipita kanisani na hawajui lilikuwa la aina ipi. Basi kanisani lipite kapu moja tu, la sadaka, na kabla halijapita itamkwe inakwenda wapi. Kama baraza lenu limeamua sadaka ya mazishi apewe mfiwa, semeni. Kama inabaki usharikani, semeni pia. Vyote viwili vinakubalika kwa watu. Kinachowaudhi ni kutojua.

Rambirambi zikae nyumbani, kwenye meza yenye daftari na wahesabuji wawili, mmoja wa familia na mmoja wa jumuiya. Kila anayetoa aandikwe jina na kiasi, na aone mstari wake ukiandikwa. Mwishoni wanajumlisha pamoja, wanatia saini chini ya jumla, na fedha na daftari vinakabidhiwa kwa msemaji wa familia kabla wahesabuji hawajaondoka. Majina na viwango visisomwe kwenye spika. Najua wapo wanaopenda visomwe, wakisema ndio ushahidi, lakini mama aliyeleta shilingi 1,000 na sahani ya unga hapaswi kusikia jina lake likifuata la mtu wa laki tano. Ushahidi ni daftari lililo wazi, na kila mtu ana haki ya kuja kuangalia mstari wake.

Kwa fedha za simu, familia itoe namba moja, na jina lililosajiliwa litajwe pamoja na namba hiyo kwenye ujumbe wenyewe. Mtoaji alinganishe jina linalotokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri. Kwenye makundi ya wasapu ya ukoo kuna watu hunakili tangazo la msiba, wakabadilisha namba, wakalisambaza upya. Jina likiandikwa, anayesoma kwa makini atagundua. Namba ya malipo ya usharika isitumike kwa rambirambi hata siku moja, kwa sababu ile ile ya fedha za mhazini.

> "Kanisani itatolewa sadaka moja, na kiongozi wa ibada atatangaza matumizi yake. Mchango wa jumuiya ni kiwango kimoja kwa kila kaya na kwa kila mshirika aliyefiwa. Asiyeweza fedha atoe chakula au kazi. Rambirambi na michango ya kamati ni mali ya familia. Usharika hauzipokei, hauzihifadhi wala haukati chochote. Zitaandikwa kwenye daftari, zitahesabiwa na watu wawili, na zitakabidhiwa kwa msemaji wa familia siku hiyo hiyo."

"Wala haukati chochote" ni maneno ambayo mhazini wenu anaweza kuyaona makali. Yaache.

Mwisho ni ukumbi. Sitakaa hapa sana, kwa kuwa mliyoyaandika kuhusu usafi na umeme yanatosha, ila mambo mawili yanakosekana. La kwanza ni mgongano na harusi. Ukumbi wa usharika hulipiwa miezi kabla kwa ajili ya Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya mazishi. Msiba ukiangukia siku ya harusi, nani anahama? Ushauri wangu ni kwamba harusi iliyolipiwa isihamishwe, maana nayo ina wageni walio njiani, na wafiwa wapewe madarasa ya shule ya Jumapili pamoja na uwanja wa upande wa pili. Muziki wa harusi ukae kimya mpaka msafara wa mwili umeondoka kanisani, na sharti hilo liandikwe kwenye fomu ya kukodi ukumbi, ili bwana harusi asilisikie kwa mara ya kwanza siku yake.

La pili ni kiasi cha fedha. Umeandika "gharama ndogo za uendeshaji". Hayo ndiyo maneno yaliyozaa "kanisa linauza misiba". Weka namba. Kwenye barua umenieleza kuwa baraza limekubaliana ukumbi uwe bure kwa mshirika, ila atalipa shilingi 30,000 za umeme, maji na usafi, na ataweka dhamana ya shilingi 50,000 itakayorudishwa. Mtu akiambiwa 30,000 atasema ni nyingi au ni kidogo. Akiambiwa "gharama ndogo" atasema ni siri. Dhamana nayo iwe na siku ya kurudishwa, na viti vihesabiwe mara mbili, wakati wa kukabidhi na wakati wa kupokea, watu wawili wakiwa pamoja.

> "Ukumbi ni bure kwa mshirika aliyefiwa. Atalipa shilingi 30,000 za umeme, maji na usafi, na dhamana ya shilingi 50,000 ambayo atarudishiwa siku ya tatu baada ya mazishi ikiwa viti na vyombo vimekamilika. Asiyeweza kulipa amwone mzee wa jumuiya, na jambo hilo litabaki kati yao. Kupika ni nje, upande wa tangi la maji. Pombe hairuhusiwi eneo la kanisa. Ukumbi ukiwa umelipiwa kwa shughuli nyingine, wafiwa watatumia madarasa ya shule ya Jumapili na uwanja wake bila malipo yoyote."

Kwenye jambo la kupika, ongeza kwa mdomo, hata kama si kwenye karatasi, kwamba familia zenye ndugu Waislamu zihakikishe mnyama amechinjwa nao. Wengi mnafanya hivyo tayari, ila wageni wa mjini hawajui na chakula huachwa mezani.

Tangazo lisomwe Jumapili tatu mfululizo, na wazee wa jumuiya wapewe nakala walijadili kwenye ibada za jumuiya katikati ya wiki, ambako watu huuliza maswali wasiyothubutu kuuliza kanisani. Walioko Dar nao ni wahusika, kwa kuwa ndio wanaopanga ratiba nyingi. Wapelekeeni kwenye makundi ya ukoo, likiwa limeandikwa kama ujumbe unaosomeka, maana picha ya karatasi iliyokunjwa hakuna anayeikuza asome. Msiba ukitokea katika wiki hizo tatu, siku hiyo msilisome usharikani, lirukeni mpaka Jumapili inayofuata, wafiwa wasije wakadhani limeandikwa kwa ajili yao.

Weka tarehe ya kuanza, na isiwe Desemba, wakati kijiji kimejaa na kila mtu ana la kusema. Kisha malizia kwa sentensi hii, ambayo itawaepusha na ubishi wa msiba wa kwanza kabisa: "Taratibu hizi zinaanza tarehe 1 Julai. Kifo kilichotokea kabla ya tarehe hiyo kitafuata utaratibu wa zamani, hata kama mazishi yatafanyika baada yake."